Kutoa Rangi ya Ukuta Kwenye Kanga

Mtu akipenda kanga na kutaka sebule yake ifanane nayo, mara nyingi huenda dukani na kuomba ile rangi iliyotawala kitambaa. Kanga ina mji wa haradali, basi na ukuta unapakwa haradali. Wiki haijaisha anagundua mambo mawili: chumba kinawaka kupita kiasi, na kanga yenyewe, iliyokuwa sababu ya gharama yote ile, imemezwa na ukuta. Ukiingia huioni.

Rangi inayofaa ukutani huwa ni ile iliyojificha kwenye kitambaa, tena ikishapunguzwa nguvu. Kuipata kunataka utaratibu kidogo, na hapa nitaufuata kwa kanga moja na chumba kimoja, tangu kwenye beseni la kufulia hadi kwenye kopo la rangi. Zulia na picha nitazigusia baadaye, kwa sababu njia ni ileile isipokuwa pachache.

Kanga tunayoifanyia kazi ina pindo la damu ya mzee. Mji wake ni haradali, na juu yake zimetawanyika korosho kubwa za damu ya mzee zilizozungushiwa mstari mweusi. Ndani ya kila korosho kuna vijani vidogo vya kijani kilichofifia, na pembeni yake nukta za krimu, ambazo kwa kweli ni kitambaa chenyewe palipoachwa bila kupigwa chapa. Chumba ni sebule ya mita 4 kwa 3.5, dari iko mita 2.8 juu, dirisha kubwa linatazama magharibi, na sakafu ni ya saruji nyekundu iliyosuguliwa.

Kwanza fua. Kanga mpya ina wanga na rangi ya ziada ambayo haijashika kwenye nyuzi, na ndiyo maana hutoa maji ya rangi siku za mwanzo. Ukiipeleka dukani ikiwa bado inakwaruza mkononi, utanunua rangi ya kanga ambayo baada ya mwezi haitakuwepo. Ifue peke yake kwa maji baridi mpaka maji yatoke safi, ianike kivulini, kisha uipige pasi. Kwa bahati kanga huja doti, yaani vipande viwili vinavyofanana, kwa hiyo kimoja unaweza kukifanya cha kazi: kitatembea nawe dukani, kitashikwa na fundi mwenye vumbi mikononi, nacho kingine kitabaki safi cha kutundika.

Sasa itandaze ndani ya chumba chenyewe, mchana, taa zikiwa zimezimwa. Usiitazame kwa karibu kwanza. Simama upande wa pili wa chumba ufumbe macho nusu. Mistari itapotea, na utaona madoa makubwa mawili tu: haradali na damu ya mzee. Hizo ndizo rangi ambazo kitambaa kitaziingiza chumbani chenyewe bila msaada wa ukuta. Ukizipaka tena ukutani unarudia neno lililokwisha kusemwa. Tafuta zile zilizopotea ulipofumba macho, yaani kijani na krimu. Moja kati ya hizo ndiyo ya ukuta.

Hapa panahitaji uangalifu, kwa sababu jicho hudanganywa na jirani wa rangi. Kijani kikiwa katikati ya damu ya mzee huonekana kibichi kuliko kilivyo, maana wekundu wowote husukuma rangi iliyo kando yake kuelekea ukijani. Hata kijivu kitupu, ukikizungushia nyekundu, huanza kuonekana kama cha majani. Mstari mweusi nao huzidisha mambo: rangi iliyofungwa kwa weusi huonekana safi na yenye mwanga zaidi. Kwa hiyo chukua karatasi nyeupe nzito, toboa kitundu kidogo kinachotosha jani moja tu la ile korosho, uilaze juu ya kanga. Angalia kilichomo kwenye kitundu peke yake. Kwa kanga yetu, kile ulichokuwa ukikiita kijani cha mchicha kinageuka kuwa rangi ya majani makavu, karibu na ya zeituni, na ndani yake mna ukahawia. Hiyo ndiyo rangi halisi. Fanya hivyo pia kwa krimu na utaona kuwa si nyeupe kabisa; ina umanjano kidogo, hasa baada ya kufuliwa mara kadhaa.

Kwa nini nisichague krimu tu na kumaliza kazi? Inawezekana, na katika nyumba nyingi huwa ni chaguo salama. Ila sebule hii ina sakafu nyekundu na jua la jioni. Saa kumi na moja, jua likiingia chini chini kutoka magharibi, mwanga wake huwa wa manjano, hugonga saruji nyekundu na kurudi ukutani. Ukuta wa krimu hapo utageuka rangi ya chungwa bivu, na haradali ya kanga haitakuwa na kitu cha kupingana nayo. Kijani cha majani makavu kina ubaridi kiasi, kitazuia chumba kizima kisiwe cha joto tupu. Lau dirisha lingetazama upande usioingia jua, au nje pangekuwa na mwembe mkubwa unaorudisha mwanga wa kijani ndani, ningegeuza shauri: krimu ukutani, kijani kibaki kwenye kanga.

Baada ya kuijua rangi, ipunguze. Rangi inayotosha kwenye jani la ukubwa wa ukucha huwa kali sana ikitandazwa kwenye kuta nne, kwa kuwa kuta zinatazamana na kila moja inamulika mwenzake. Mwanga wa kijani hutoka ukuta huu ukagonga ule, ukarudi na kijani zaidi. Kona ndizo hukoza kupita pote. Kadi ya rangi ya dukani haiwezi kukuonyesha hilo kwa sababu ni kipande kimoja kidogo kisichotazamana na chochote. Kanuni ninayoifuata mimi ni hii: nikishapata kwenye kadi kipande kinacholingana na kitambaa, sikinunui. Natafuta chenye asili ileile lakini cheupe zaidi kwa hatua mbili, tena chenye ujivujivu kidogo. Wengi hukubali kwenda kwenye weupe na kusahau ujivu, wakaishia na ukuta wa rangi ya peremende. Kitambaa kilichofuliwa hakina rangi safi namna hiyo popote. Kando ya ukuta wa peremende kitaonekana kichafu.

Dukani kuna njia mbili. Ya kwanza ni kadi: itandaze kanga karibu na mlango penye mwanga wa nje, si chini ya taa ndefu za dukani, kisha usogeze vipande vya kadi ukiwa umekifunika kila kimoja kwa karatasi yenye kitundu. Rangi mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine, kwa kuwa zimetengenezwa kwa viungo tofauti. Rangi ya nguo na rangi ya ukuta kwa kawaida hazina viungo vimoja. Njia ya pili ni kile kifaa cha kusoma rangi kinachounganishwa na mashine ya kuchanganya. Ni kizuri, lakini husoma eneo la ukubwa wa sarafu na hakijui lipi ni jani na lipi ni mstari mweusi. Kikilalia vyote viwili kitakupa wastani wa vyote, yaani tope. Tafuta mahali pana zaidi pa ile rangi, na ukunje kanga mara nne ili rangi ya kaunta isipenye kwa chini. Kama jani ni dogo mno, achana na kifaa urudi kwenye kadi.

Omba makopo madogo ya majaribio, matatu yanatosha: rangi inayolingana na kitambaa, ile iliyopunguzwa kwa weupe, na ile iliyopunguzwa kwa weupe na ujivu. Maduka mengine hayana makopo madogo; hapo muulize muuzaji kama anaweza kuchanganya kwa nusu au robo ya ukolezo kwenye kopo la lita moja. Jua tu kwamba ukolezo ukipunguzwa, asili ya rangi inaweza kuyumba kidogo. Kijani cha robo huweza kuelekea bluu kuliko kile cha mwanzo, na hutalijua hilo mpaka uipake na ikauke.

Usipake majaribio moja kwa moja ukutani. Ukuta una rangi ya zamani, nayo itakudanganya kama vile damu ya mzee ilivyodanganya kuhusu kijani. Chukua vipande vya hadibodi, kila kimoja sentimita 60 kwa 60 au zaidi, uvipake nyeupe kwanza, kisha mikono miwili ya rangi ya jaribio mpaka ukingoni kabisa. Subiri zikauke. Rangi ya maji ikiwa mbichi huonekana nyeupe kuliko itakavyokuwa, halafu hukoza inapokauka, kwa hiyo hukumu ya saa moja baada ya kupaka haina thamani.

Kisha zihamishe. Asubuhi weka kipande kando ya dirisha, halafu kwenye kona yenye giza, halafu nyuma ya kanga pale hasa itakapotundikwa. Rudia saa sita, saa kumi na moja, na usiku taa zikiwaka. Katika chumba chetu matokeo yanajieleza. Rangi inayolingana na kitambaa ni nzuri asubuhi kando ya dirisha, lakini konani inakuwa ya giza kama ndani ya kabati, na vijani vya kwenye kanga vinapotea kabisa nyuma yake. Ile iliyopunguzwa kwa weupe peke yake inapendeza saa sita, ila kandokando ya sakafu nyekundu inazidi kuonekana ya peremende, kwa sababu ileile ya wekundu kuusukuma ukijani. Ya tatu, yenye ujivu, kwenye kadi ilionekana imekufa na hakuna ambaye angeichagua. Ukutani ndiyo inayokaa vizuri saa zote, na saa kumi na moja jua linapoingia inapata joto inalohitaji. Hiyo ndiyo tunayoichukua.

Kuhusu taa, neno moja ambalo linaweza kukuokolea kopo zima. Balbu nyingi zinazouzwa kwetu ni zile nyeupe zenye ubuluu, zilizoandikwa 6500K. Chini ya mwanga huo damu ya mzee huenda kwenye zambarau iliyochoka, na haradali hupata ukijani usiopendeza. Ukiona kanga uliyoipenda mchana imegeuka mgonjwa usiku, kosa si la kitambaa wala la ukuta. Badilisha taa kwanza, uweke za 3000K au 2700K, ndipo ufanye majaribio ya rangi. Ukifanya kinyume chake utakuwa umechagua rangi kwa ajili ya balbu utakayoitupa.

Sasa hesabu ya vifaa. Kuta nne za mita 4 kwa 3.5 zina mzunguko wa mita 15, mara 2.8 ni mita za mraba 42. Toa mlango na madirisha, tuseme mita 5.5, zinabaki kama 36.5. Mikono miwili ni mita 73. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini uliopigwa skimu hufika mita 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, kwa hiyo utahitaji lita 7 na kidogo; nunua makopo mawili ya lita 4. Kwenye plasta ya kukwaruza ongeza, kwa maana ukuta huo hunywa. Na kabla ya kuanza, mwambie fundi ayamimine makopo yote mawili kwenye ndoo moja ayakoroge. Hata mashine ileile inaweza kutoa tofauti ndogo kati ya kopo na kopo, na tofauti hiyo itaonekana katikati ya ukuta, pale hasa kopo la kwanza lilipoishia.

Ukuta mpya wa plasta uache ukauke kama wiki nne kabla ya rangi. Saruji mbichi ina ukali unaoweza kuunguza viungo vya rangi na kuacha mabaka yaliyopauka, na hapo kazi yote ya kulinganisha na kitambaa imekwenda na maji. Wenye nyumba za mawe na chokaa za Zanzibar, Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa wana sharti jingine: ukuta wao unapumua unyevu na chumvi, na rangi ya maji ya plastiki hufanya malengelenge ikabanduka. Huko paka chokaa iliyotiwa rangi za udongo. Uchaguzi ni mdogo, yaani manjano ya udongo, wekundu wa udongo, kijani kilichopoa, na chokaa ikikauka huwa nyeupe sana kuliko ilivyokuwa kwenye ndoo. Lakini rangi hizo zina ule ujivu tuliokuwa tukiutafuta kwa taabu dukani.

Na zile rangi kubwa mbili, tuziache tu? Hapana, zipe mahali padogo. Damu ya mzee inapendeza mno kwenye grili za dirisha na fremu ya mlango, kwa rangi ya mafuta. Hapo inakuwa mstari mwembamba, kama pindo lilivyo kwa mji. Haradali unaweza kuipaka ndani ya rafu ya ukutani, mgongoni mwa vyombo. Ila ujue kwamba nyekundu na manjano zilizokoza hufunika kwa shida, kwa kuwa kwenye kopo lake hamna rangi nyeupe ya kutosha. Kwa nyekundu tanguliza mkono wa kijivu, la sivyo utapaka mara nne na bado rangi ya zamani inachungulia. Dari usiiache nyeupe ya theluji. Weupe huo utaifanya krimu ya kwenye kanga ionekane kama haijafuliwa. Agiza nyeupe iliyotiwa tone la manjano.

Kuna kanga zinazoikataa njia hii. Kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya harusi, haina rangi iliyojificha. Usiitafutie ambayo haipo, na tafadhali usipake ukuta mwekundu. Chukua weupe wake kupitia kwenye kitundu cha karatasi, ambao baada ya kufuliwa huwa umeingia waridi kidogo sana, uupake kuta zote, kisha uache kitambaa kiseme chenyewe.

Zulia lina hila yake: nyuzi zake zimelala upande mmoja. Ukilitazama kutoka mlangoni huwa na rangi moja, ukilitazama kutoka dirishani huwa jingine, tofauti ya kama mkono mmoja mzima wa rangi. Linganisha ukiwa umesimama pale utakaposimama siku zote, kwa kawaida mlangoni, na kadi ya rangi uiinue iwe wima kama ukuta, usiilaze juu ya zulia. Mazulia ya kufumwa kwa mkono yana pia mistari mipana ambapo rangi moja imebadilika, kwa kuwa mfumaji alimaliza uzi wa pipa moja akaanza wa jingine. Ile hafifu zaidi kati ya hizo mbili ndiyo ya ukuta, umeshapunguziwa kazi.

Picha za Tingatinga ni mtihani mkubwa zaidi. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi za mafuta zinazong'aa juu ya hadibodi, na wachoraji wengi waliomfuata wameendelea na rangi hizo. Mng'ao huo hauwezi kupatikana kwenye ukuta wa rangi ya maji, wala haupaswi kutafutwa. Usichukue rangi ya twiga wala ya ndege. Chukua ya nyuma yao, ile inayobadilika taratibu kutoka juu hadi chini ya picha, kwenye sehemu yake iliyopauka kuliko zote, kisha uipunguze kama tulivyofanya kwa kijani. Picha itundike mbali na dirisha linaloitazama, la sivyo mng'ao utarudisha mwanga machoni na hutaona rangi yoyote.

Kanga nayo isikae kwenye jua la magharibi. Ikitundikwa ukuta wa dirisha lenyewe, mwanga unapita mbele yake badala ya kuipiga usoni, na itadumu zaidi. Itapauka siku moja hata hivyo, na ukuta uliochaguliwa kwa kitambaa kilichofuliwa na kupunguzwa hatua mbili utaendelea kuifaa.

Kazi ikiisha, bandua ile karatasi ya vipimo iliyobandikwa na mashine kwenye kifuniko cha kopo, au uipige picha, na uhifadhi rangi iliyobaki kwenye chupa ndogo iliyojaa mpaka juu ili isigandishwe na hewa. Jina la rangi peke yake halitoshi, kwa sababu kampuni hubadilisha kadi zake. Vipimo ndivyo vitakavyokurudishia ukuta uleule ukihitaji kurekebisha kipande.